Dawa ya utando mweupe hufanya kazi ikigusa: maneno yangu kwa kina mama wa Kaptembwa

Hamjambo kina mama? Na nyinyi kina baba watatu mlioketi kule nyuma karibu na mlango, sogeeni huku mbele, maana nitawaonyesha kitu kidogo na wa nyuma hataona. Mama aliye na mtoto anayelia, usitoke nje. Mnyonyeshe hapa hapa, tumezoea.

Nimekuja na chupa moja tu. Hii hapa. Ni dawa ya maji inayoitwa nistatini, ile ya rangi ya njano ambayo wengi wenu mmeshapewa kliniki au mmeuziwa kwa kemisti mtoto akitokwa na utando mweupe mdomoni. Niliiweka mezani asubuhi na sijaigusa hadi sasa. Hebu mama uliye karibu iinue, uiweke kwenye mwanga wa dirisha, uwaambie wenzako unaona nini. Anasema juu ni maji maji mepesi, chini kuna kitu kizito kimelala kama uji uliopoa. Ahsante. Ile iliyolala chini ndiyo dawa. Ukichota juu bila kutikisa, unampa mtoto maji yenye sukari na harufu nzuri, na utando hautishiki.

Naanza na chupa kwa sababu ya mama mmoja wa Ponda Mali aliyekuja kwangu mtoto wake akiwa na wiki saba. Nimemwomba ruhusa ya kusimulia, akakubali, ila jina lake tuliache. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, kidonda kikapata usaha, akameza antibayotiki siku kadhaa huku akinyonyesha. Muda mfupi baadaye akaona mtoto ana weupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Akapewa nistatini, chupa ya mililita thelathini, akaambiwa mililita moja mara nne kwa siku. Siku ya nane akarudi amekasirika, na alikuwa na haki. Weupe ulikuwa umefika kwenye fizi, mtoto anashika titi, ananyonya kidogo, anaachia na kulia.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu tungelisema ni kwamba hakumpa dawa. Lakini alikuwa ameibeba chupa, na chupa ilikuwa karibu tupu. Piga hesabu pamoja nami. Mililita moja mara nne ni mililita nne kwa siku. Siku saba ni mililita ishirini na nane. Katika chupa ya thelathini zinabaki mbili. Kwa hiyo mama yule alikuwa mwaminifu kwa dawa kuliko wengi wetu. Hakuruka hata usiku. Nikaacha kuuliza maswali, nikamwambia, mama, hebu nionyeshe unavyompa.

Akampakata mtoto, akachota kwa dropa mpaka kwenye alama, akaiingiza katikati ya ulimi, ndani kabisa, akaminya yote kwa mara moja. Mtoto akameza, glup, ikaisha. Kisha akafungua blauzi akampa titi ili, kama alivyosema, aondoe ile ladha mbaya. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoyasimulia. Na chupa hakuitikisa. Ile iliyobaki chini ilikuwa nzito mpaka dropa inakwama.

Mbele yake nilikiri kitu ambacho nawakiria na nyinyi. Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe nilikuwa nikimwambia kila mama, "Mpe mililita moja mara nne," basi, nikamwita wa pili. Neno "mpe" ndilo lililowapoteza wengi. Tukisema mpe dawa, mtu anaelewa ameze. Paracetamoli unampa ameze, inaingia tumboni, inaingia kwenye damu, inatafuta homa ilipo. Nistatini haiendi hivyo. Ikimezwa inapita matumboni na kutoka na choo, karibu yote, bila kuingia kwenye damu. Kwa hiyo haiwezi kuzunguka mwilini na kurudi mdomoni kutoka ndani. Inaua fangasi pale tu inapomgusa. Sekunde mbili ulimini halafu kooni ni sawa na kunyunyizia shamba dawa ya wadudu kutoka kwa gari linalopita kwa kasi.

Niwaeleze kidogo huyu fangasi ni nani, kisha mtaelewa kwa nini nawasumbua na mambo ya dakika na mashavu. Anaitwa kandida. Ni wa ukoo wa hamira, ile tunayoweka kwenye mandazi. Anaishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wazima wengi bila kuleta shida, kwa sababu bakteria wazuri wanamzuia na kinga ya mwili inamwangalia. Mtoto anaweza kumpata wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwenye ngozi ya titi na mikono. Kinga ya mtoto wa wiki chache bado inajifunza. Ukiongeza antibayotiki, wale bakteria waliokuwa wakimbana wanakufa, anapata nafasi. Anaota nyuzi ndogo sana zinazoshika kwenye ngozi laini ya mdomo, na zile nyuzi pamoja na ngozi iliyokufa ndizo unaziona kama maziwa yaliyoganda.

Nistatini inashikamana na mafuta fulani yaliyo kwenye ganda la fangasi, inalitoboa, na vilivyo ndani vinavuja mpaka anakufa. Ili itoboe lazima ifike na ikae. Na kuna habari moja ya dawa hii ninayoipenda. Iligunduliwa na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliotangaza ugunduzi wao mwaka 1950. Mmoja alikuwa jiji la New York na mwingine mji wa Albany, wakawa wanatumiana sampuli kwa posta. Dawa yenyewe ilitoka kwa kiumbe kidogo kwenye udongo wa shamba la ng'ombe wa maziwa. Jina nistatini limetokana na jimbo lao la New York. Kwa hiyo ukitikisa ile chupa, kumbuka kwamba ni kitu kilichotoka kwenye udongo wa shamba la ng'ombe kama ule wa kwetu Njoro na Rongai.

Sasa turudi kwa mtoto wa Ponda Mali. Nilichomfundisha mama yake ndicho ninachotaka mwondoke nacho leo, nami nitakionyesha kwa mwanasesere huyu na maji yaliyotiwa rangi.

Kwanza mtoto anyonye. Anyonye ashibe, umtoe hewa, usubiri kidogo maziwa yashuke. Tunatia dawa baada ya kunyonya kwa sababu mbili. Maziwa yakija baada ya dawa yanaiosha yote na kuipeleka tumboni, kama alivyokuwa akifanya yule mama bila kujua. Halafu mtoto aliyeshiba anaweza kukaa nusu saa bila kudai titi, na nusu saa hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Akilia baada ya dakika kumi na hakuna namna, mnyonyeshe, usimtese. Dakika kumi ni afadhali mara nyingi kuliko sekunde mbili. Lakini nusu saa ndiyo tunayoitafuta.

Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa mpaka usione kitu kimelala chini, igeuze uangalie kitako chake. Chota mililita moja. Sasa hii mililita moja tunaigawa. Mlaze mtoto mapajani, kichwa kimeinuka kidogo, asilale chali kabisa. Ingiza ncha ya dropa kati ya shavu na fizi, hapa pembeni, si katikati. Minya nusu, polepole, tone kwa tone. Subiri. Utaona anachezesha ulimi, anakunja uso, anaitafuta ladha. Hiyo ni kazi njema, ulimi wake mwenyewe unaipaka dawa. Kisha shavu la pili, nusu iliyobaki. Ukiwa na kijiti cha pamba au kidole safi chenye kucha fupi, chovya kidogo na kupaka pale penye weupe mwingi, ndani ya mashavu, kwenye fizi za juu na chini, kwenye ulimi sehemu ya mbele. Unapaka tu, husugui.

Hatimaye ataimeza, msihofu. Kumeza si kosa. Kosa ni kumeza kabla haijagusa kitu.

Kuna mama anauliza, kama mtoto amelala kwenye titi, nimwamshe? Swali zuri sana, maana watoto wa wiki saba karibu wote hulala wakinyonya. Usimiminie mtoto aliyelala dawa ya maji mdomoni, anaweza kupaliwa. Una njia mbili. Mguse nyayo, mbadilishe nepi, akifumbua macho umpake. Au mwache alale, na akiamka umpake kabla hajaanza kulia kwa njaa, kukiwa bado na muda kabla ya kunyonya tena. Wengi hupenda ratiba inayofuata jua. Na yule mama wa Ponda Mali tulikubaliana baada ya titi la alfajiri, la saa nne asubuhi, la alasiri, na lile la kabla ya mama mwenyewe kulala. Kama mtoto amenyonya mara kumi na mbili siku hiyo, dawa bado ni mara nne tu.

Na mtoto akitapika? Akicheua maziwa kidogo baada ya kupakwa, usirudie dozi. Ile iliyokuwa mdomoni imeshapaka. Kama kila ukimpaka anatapika, mpe muda zaidi baada ya kunyonya na upunguze mwendo wa kuminya.

Baba huyu amenyoosha mkono. Anasema nyanyake mtoto alisugua ulimi kwa kitambaa chenye chumvi mpaka weupe ukatoka, na mtoto akapata nafuu siku moja. Nimshukuru kwa kusema wazi, maana nyumba nyingi hufanya hivyo na hawasemi. Sikiliza, baba. Utando huu umeshika kwenye nyama. Ukiusugua unatoka na kipande cha ngozi, unaacha pekundu, mara nyingine damu. Ni kweli ulimi unaonekana safi kwa siku moja. Lakini zile nyuzi zimebaki ndani, na sasa pana kidonda, na kidonda kina chumvi. Mtoto anayeumwa mdomo hanyonyi. Hata asali msimpake, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza misuli yake, hata ya kupumua. Na ile dawa ya zambarau mnayoiona kwa kemisti, GV, yenye nguvu ya kupaka vidonda vya ngozi, inachoma mdomo wa mtoto. Usimpake kwa kujikadiria.

Na tukiwa hapo, huo weupe nao uujue kabla ya kununua dawa. Mtoto anayenyonya maziwa mengi huwa na ulimi mweupe mwepesi, sawasawa, ulimini tu. Funga kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kidoleni, pangusa kwa upole. Ukitoka, ni maziwa, nenda nyumbani, hamna ugonjwa. Utando wa fangasi unakuwa kama madoa au vipande vya maziwa ya kuganda, na mahali pa kuutafuta ni ndani ya mashavu na ndani ya midomo. Mvute mtoto mdomo wa chini kwa kidole, tazama. Maziwa hayakai pale. Ukiona weupe pale na haupanguki, njoo.

Sasa ile jeli. Shosho ameuliza kwa nini mjukuu wake wa miezi tisa alipewa jeli ya kupaka na jirani mwenye mtoto wa mwezi mmoja akapewa maji. Hiyo jeli inaitwa mikonazoli. Uzuri wake ni kwamba inanata, kwa hiyo ile shida ya kupita haraka inapungua. Ubaya wake ni huo huo wa kunata. Donge la jeli likiteleza hadi koo la mtoto mdogo linaweza kuziba njia ya hewa. Ndiyo maana kwa mtoto wa chini ya miezi minne haipendekezwi, na aliyezaliwa kabla ya wakati tunasubiri hata zaidi, mpaka miezi mitano au sita. Kuna watoto wa miezi hiyo ambao bado hawajui kumeza vizuri. Usikubali kuuziwa jeli kwa ajili ya mtoto wa wiki saba kwa sababu maji yameisha dukani.

Mtoto wa miezi minne hadi miaka miwili kipimo chake ni mililita moja na robo, mara nne kwa siku, baada ya kula. Kwa kile kijiko kidogo cha mililita tano kinachokuja kwenye pakiti, ni robo yake. Na hata hiyo robo huimwagi yote mara moja. Chukua kiasi cha punje ya maharagwe kwenye kidole safi, paka shavu hili, acha. Punje nyingine shavu la pili. Nyingine kwenye fizi na mbele ya ulimi. Usipeleke kidole nyuma kooni. Na tafadhali, kina mama, usipake jeli kwenye chuchu ya titi ili mtoto ailambe. Nimeona ikifanywa kwa nia njema kabisa. Mtoto anavuta titi kwa nguvu, jeli inaenda nyuma moja kwa moja. Mjukuu wa shosho anakula uji na viazi, basi ale kwanza, anywe maji, ndipo apakwe. Akipakwa halafu akapewa uji, tumerudi kule kwa mama wa Ponda Mali.

Nilimwangalia na yule mama wa Ponda Mali mwenyewe. Nilimuuliza, je, titi linauma? Akaanza kulia. Alisema linachoma kama pilipili baada ya mtoto kuachia, na lilianza baada ya wiki kadhaa za kunyonyesha bila shida yoyote. Chuchu zilikuwa za waridi, zinang'aa, na ngozi inapasuka kidogo. Hakuwa amesema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na mama mkwe alimwambia kunyonyesha kunauma, avumilie. Maumivu ya titi mara nyingi ni mtoto kutoshika vizuri, kwa hiyo nikaangalia kwanza anavyoshika. Alikuwa anashika sawa. Basi wote wawili tukawatibu kwa pamoja, maana ukitibu mdomo na kuacha titi, kila mara akinyonya anarudishiwa fangasi. Mama alipewa krimu ya mikonazoli ya kupaka chuchu baada ya kila kunyonyesha, kiasi kidogo sana, na kupangusa iliyobaki kabla ya titi linalofuata. Aliendelea kunyonyesha bila kukatiza. Hakuna haja ya kumwachisha mtoto wala kumwaga maziwa.

Mtoto wake alikuwa na chuchu ya mpira ya kutulizia, ile inayoning'inizwa shingoni. Nilimshauri aitupe, na kama anaitaka sana, anunue mpya utando ukiisha. Ukiwa unatumia chupa au kikombe, chemsha kila siku vyote vinavyoingia mdomoni. Na dropa ya dawa, ikigusa mdomo usiirudishe kwenye chupa hivyo hivyo, isuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ikauke. Angalia na matako ya mtoto pia. Fangasi huyo huyo akishuka huleta wekundu mkali kwenye mikunjo ya mapaja na vipele vidogo pembeni, ambao mafuta ya kawaida hayauondoi. Huo unatibiwa kwa krimu, kwa wakati mmoja na mdomo.

Mnataka kujua ilikuwaje. Tuliianza chupa mpya siku ya Jumatatu. Jumatano weupe wa mashavu ulikuwa umeanza kukatika vipande, kama chokaa ya ukuta wa zamani, na mtoto akanyonya titi zima bila kuachia. Ijumaa nilivuta mdomo wake wa chini nikaona nyama ya waridi. Jumamosi ulimi ulikuwa safi. Na hapo ndipo kina mama wengi hukosea mara ya pili, kwa sababu ukiona pamesafika unaiweka chupa kabatini. Nikamwambia, endelea hadi Jumatatu. Nistatini inaendelea siku mbili baada ya kutoona weupe wowote, kwa sababu kuna mabaki ambayo jicho halioni. Kwa jeli ni zaidi, siku saba baada ya kupona. Alimaliza, na mwezi uliofuata alipokuja kuchanja nilimtazama mdomoni, hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo ukianza dawa vizuri, tazamia mabadiliko siku ya pili au ya tatu. Siku ya saba imefika na bado hali ni ile ile, rudi kliniki na chupa yako mkononi, na umwonyeshe nesi unavyopaka. Usingoje wiki ya tatu. Na kuna ambao hawafai kusubiri hata siku saba. Mtoto anayekataa titi kabisa, mwenye homa, anayelowesha nepi chache kuliko kawaida, anayelia kila akimeza hata mate, au aliyelegea, mlete siku hiyo hiyo. Fangasi akishuka kwenye umio, dawa ya kupaka haimfikii, anahitaji dawa inayoingia kwenye damu, na hiyo anaandikiwa na daktari baada ya kumwangalia.

Kuna jambo moja ambalo nitalisema taratibu kwa sababu najua linaogopesha. Mtoto mchanga kupata utando mara moja, hasa baada ya antibayotiki, ni jambo la kawaida na halimaanishi chochote kibaya. Lakini utando unaorudi na kurudi, au unaomtokea mtoto aliyepita miezi sita bila antibayotiki, au mtoto mwenye utando asiyeongezeka uzito, tunapima virusi vya ukimwi. Tunampima mtoto na tunampima mama tena, hata kama alipimwa akiwa mjamzito na hakuwa navyo. Mama anayejijua ana virusi, mtoto wake hupimwa kwa damu kidogo akiwa na wiki sita, na huwa na dawa zake za maji za kila siku. Wewe mama, chupa hizo usizichanganye na ya utando. Ziwekee alama ya wino, au uzi mwekundu shingoni mwa moja, kwa sababu moja inamezwa na nyingine inapakwa, na saa nane za usiku stima ikipotea zote ni chupa ndogo za kahawia.

Swali la mwisho, mama mwenye leso ya kijani. Anauliza kama dawa iliyobaki anaweza kumpa jirani. Hapana, mama. Dropa yako imeingia mdomoni mwa mtoto wako, na dawa iliyofunguliwa ina siku zake, zimeandikwa kwenye boksi. Jirani mlete kwangu Jumanne, na hapa hapa tutauvuta mdomo wa mtoto tuone kama ni maziwa au ni utando.

Mwanasesere yuko mezani, maji ya rangi yako kwenye vikombe, na nina dropa kumi na mbili. Njooni wanne wanne, na kina baba mkiwa wa kwanza, maana dozi ya usiku mara nyingi mama amechoka. Tikisa kwanza. Kisha nionyesheni shavu la kushoto.